Nani anakula mega zetu? Namna ya kuhesabu kwa telefone vyombo vyote vilivyo ndani ya Wi-Fi yako

Hapa Manika, sawa na fasi nyingi za Kolwezi, watu wengi hawana mtandao wa waya. Wanaungana wawili, watatu, wanachanga franka, wananunua modemu moja ndogo ya Wi-Fi pamoja na forfe ya mwezi. Sekretaria za fotokopi njo zinafanya vile, shule ndogo pia, duka la dawa, hata familia tatu zinazopanga parseli moja. Siku za kwanza kila mtu anafurahi. Kisha forfe ya siku 30 inaisha siku ya 11, na maneno yanaanza. Huyu anasema ni watoto wa yule wanaoangalia video. Yule anasema kampuni ya telefone njo inaiba. Wa tatu anasema jirani amepata kode.

Kuko njia ya kuanza kujua ukweli bila kubishana. Kuna aplikasio za telefone zinazopita ndani ya rezo yako na kukuandikia orodha ya kila chombo kilichoingia: adresi yake, na kiwanda kilichokitengeneza. Inayojulikana zaidi inaitwa Fing. Zingine ni WiFiman na Network Analyzer. Zote tatu ziko kwenye Play Store kwa Android na kwenye App Store kwa iPhone, na kazi hii ya orodha haiombi malipo. Katika ukurasa huu tunaeleza namna zinavyofanya kazi, namna ya kusoma orodha yake, na mambo ambayo orodha hiyo haiwezi kukuambia hata uiombe namna gani.

Adresi mbili: namba ya parseli na namba ya shasi

Kila chombo kilicho ndani ya Wi-Fi yako kiko na adresi mbili, na lazima kuzitofautisha mbele ya kufungua aplikasio.

Ya kwanza ni adresi ya IP. Hii ni sawa na namba ya parseli kwenye avenyu. Modemu nyingi ndogo za Huawei zinafungua avenyu inayoitwa 192.168.8, na kila chombo kinapewa namba yake ya mwisho kati ya 1 na 254. Modemu yenyewe inakaa namba 1, kwa hiyo adresi yake ni 192.168.8.1. Modemu za kiwanda kingine zinapenda 192.168.0.1 ao 192.168.1.1. Namba hii si ya kudumu. Leo telefone yako inakaa 103, kesho unaweza kuikuta 107, sawa na mpangaji aliyehama nyumba.

Ya pili ni adresi ya MAC. Hii ni sawa na namba ya shasi ya pikipiki: inatoka kiwandani. Inaandikwa kwa vipande sita vya herufi na namba, mbilimbili, na nukta mbili katikati. Vipande vitatu vya kwanza vinaonyesha kiwanda, vitatu vya mwisho vinatofautisha chombo kimoja na kingine cha kiwanda hicho. Chama cha wahandisi kinachoitwa IEEE, kule Marekani, njo kinagawia viwanda mianzo hiyo, na kitabu chake kiko wazi kwa kila mtu. Kwa mfano, adresi inayoanza na 3C:D9:2B ni ya HP, wanaotengeneza emprimante na ordinatere. Ile inayoanza na 50:C7:BF ni ya TP-Link, wanaotengeneza modemu na vyombo vya kupanua Wi-Fi. Na 44:19:B6 ni ya Hikvision, kiwanda cha Uchina cha kamera za ulinzi.

Sasa aplikasio inafanya nini? Inapita avenyu nzima, parseli kwa parseli, na kuuliza kila namba: nani anakaa hapa? Fasi yenye mtu, jibu linarudi pamoja na adresi ya MAC. Fasi tupu, hakuna jibu. Kisha inachukua mwanzo wa kila MAC, inatafuta ndani ya kitabu cha viwanda, na kukuandikia jina. Kazi yote inachukua chini ya dakika moja. Hakuna uchawi, na hakuna kuingia ndani ya telefone ya mtu. Inagonga mlango tu na kusikia nani anaitika.

Mbele ya kuanza: telefone ya zamani inaweza kukusaidia kuliko mpya

Hapa njo watu wengi wanakwama. Wananunua telefone mpya ya bei, wanashusha aplikasio, wanafinya, na orodha inakuja bila MAC na bila jina la kiwanda kwa vyombo vingi. Wanasema aplikasio ni mbovu. Si vile.

Apple ilifunga mlango huo kwa iPhone tangu iOS 11, mwaka 2017. Aplikasio haiwezi tena kusoma MAC ya vyombo vingine. Google ikafuata hatua kwa hatua, kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 mpaka Android 13. Sababu yao ni kwamba aplikasio nyingi zilikuwa zinakusanya adresi hizo kwa siri ili kujua mtu anakaa wapi na na nani. Kwa hiyo kwenye telefone mpya, aplikasio inabaki kukisia kwa njia zingine, kama kusikiliza jina ambalo emprimante ao televisheni inajitangazia yenyewe. Mara inapata, mara haipati.

Kama ndani ya nyumba kuko telefone ya zamani yenye Android 9 ao chini, hata kioo kikiwa kimepasuka, hiyo njo ya kutumia kwa kazi hii. Itakupa MAC na kiwanda vyote viwili. Kuangalia ni Android ngapi, ingia Paramètres, kisha À propos du téléphone. Ikiwa Android ni ya zamani sana na Play Store inakataa aplikasio moja, jaribu nyingine kati ya zile tatu.

Kama hakuna telefone ya zamani, usikate tamaa. Modemu yenyewe inajua MAC za vyombo vyote, juu ni yenyewe inayovigawia namba. Tutafika pale.

Mambo matatu ya kutengeneza mbele ya kufinya. Moja: telefone lazima iwe ndani ya Wi-Fi ile unayotaka kuhesabu, si kwenye mega za kadi yake. Mbili: aplikasio ikiomba ruhusa ya kujua fasi uliko kwenye Android, ao ruhusa ya Réseau local kwenye iPhone, kubali, juu bila hiyo orodha inaweza kutoka tupu. Tatu: kama unatumia VPN, izime kwanza.

Mfano: sekretaria moja, vyombo 10

Tuchukue mfano wa sekretaria ya fotokopi, aina ile inayopatikana kila avenyu ya Manika. Washirika ni watatu. Modemu ni Huawei ya kushika mkononi. Wamenunua forfe ya giga 30 kwa siku 30, imeisha siku ya 11.

Mbele ya kufungua aplikasio, wanachukua karatasi na kuandika vyombo vyote wanavyovijua wenyewe: modemu, ordinatere mbili, emprimante moja ya HP, na telefone zao tatu. Jumla ni saba. Hatua hii ya karatasi watu wanairuka, na kumbe ni ya lazima. Bila hesabu yako mwenyewe, orodha ya aplikasio ni majina ya kigeni tu, na kila jina geni litaonekana kama mwizi.

Wanatumia telefone ya zamani, wanaingia kwenye Wi-Fi, wanafungua aplikasio, wanafinya kitufe cha kutafuta. Orodha inatoka hivi:

```
192.168.8.1    Huawei
192.168.8.100  Intel Corporate
192.168.8.101  Liteon
192.168.8.102  HP          3C:D9:2B:..
192.168.8.103  TECNO MOBILE
192.168.8.104  --          DA:41:7C:..
192.168.8.105  --          6E:0B:93:..
192.168.8.107  --          F2:88:1D:..
192.168.8.109  --          A6:5F:20:..
192.168.8.112  Hikvision   44:19:B6:..
```

Ni vyombo 10, na karatasi inasema saba. Tatu vimezidi. Lakini ni vipi?

Tuanze na vile vinavyoeleweka. Namba 1 ni modemu. Namba 102 ni emprimante. Namba 103 ni telefone ya zamani, ile ile wanayotumia kuhesabu.

Namba 100 na 101 zinachanganya, juu hakuna mtu ndani ya sekretaria mwenye chombo kinachoitwa Intel ao Liteon. Hapa lazima kujua kitu kimoja: jina linaloandikwa ni la kiwanda kilichotengeneza kipande cha Wi-Fi kilicho ndani ya chombo, si lazima marki iliyoandikwa juu yake. Ordinatere ya Dell ao ya Lenovo mara nyingi iko na kipande cha Intel ndani. Zingine ziko na Liteon ao AzureWave. Taa, soketi na vyombo vingi vya kuwasha kwa telefone vinaonekana kama Espressif. Kwa hiyo 100 na 101 ni ordinatere zao mbili. Kuhakikisha, wanazima moja, wanarudia kutafuta, na namba 100 haiitiki tena. Wanaiwasha, wanazima ya pili, na 101 nayo inanyamaza.

Vyombo visivyo na kiwanda

Sasa kuko vyombo vinne visivyo na jina la kiwanda: 104, 105, 107 na 109. Mtu asiyejua anaona wezi wanne. Kumbe tazama kipande cha kwanza cha kila adresi: DA, 6E, F2, A6. Herufi ao namba ya pili katika kipande hicho ni A, E, 2 na 6.

Hii ni alama. Adresi ya MAC ambayo kipande chake cha kwanza kinaishia na 2, 6, A ao E haikutoka kiwandani. Ni adresi ya kujitungia. Telefone za Android tangu Android 10, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, zinaficha namba yao ya shasi na kutunga nyingine kwa kila Wi-Fi zinayoingia, ili mtu asizifuate kutoka fasi moja mpaka nyingine. Kitabu cha viwanda hakina adresi hizo, kwa hiyo aplikasio inaacha nafasi tupu ao inaandika Inconnu. Kwa hiyo nafasi tupu haimaanishi mwizi. Karibu kila mara inamaanisha telefone ya siku hizi.

Lakini telefone za nani? Washirika wawili waliobaki wako na telefone mpya, kwa hiyo mbili kati ya hizo nne ni zao. Wanaweza kujua kwa njia mbili. Ya haraka ni kuzima Wi-Fi kwenye telefone moja, kungoja dakika mbili, na kutafuta tena: ile namba inayopotea njo yake. Ya hakika zaidi ni kusoma adresi ndani ya telefone yenyewe. Kwenye Android unaingia Paramètres, Wi-Fi, unafinya jina la rezo yako, na adresi ya MAC inayotumika pale inaandikwa ndani ya maelezo. Kwenye iPhone ni Réglages, Wi-Fi, kisha ile alama ya herufi i kando ya jina la rezo, na unaisoma kwenye mstari wa adresi ya Wi-Fi.

Baada ya kazi hii, 104 na 105 zinapata wenyewe. 107 na 109 zinabaki. Wanarudia kutafuta saa moja ya usiku, wateja wakiwa wamerudi nyumbani. 107 haipo tena, 109 iko bado. Basi 107 ni ya mteja, mtu aliyepewa kode siku moja ili atume dokima kwa WhatsApp, na tangu siku ile telefone yake inajiunganisha yenyewe kila akipita hapo. 109 inabaki hata usiku, kwa hiyo ni ya mtu anayelala karibu na hapo. Orodha haisemi ni nani. Inasema tu kuna mtu, na yuko karibu.

Jambo la kuangalia: usihukumu kwa kutafuta mara moja. Telefone iliyolala na kioo chake kimezimika inaweza kukosa kuitika. Tafuta mara tatu, asubuhi, mchana na usiku, na andika kila orodha ikiwa na saa yake. Kulinganisha orodha tatu kunafundisha kuliko orodha moja.

Namba 112: kamera ya nani?

Inabaki namba 112. Hii haikujificha. Adresi inaanza na 44:19:B6, na kiwanda ni Hikvision. Ni kamera ya ulinzi, ao kisanduku cha kuhifadhi picha zake. Sekretaria haina kamera. Lakini wakitoka inje na kuangalia juu ya lango la parseli, wanaiona. Mwenye parseli aliiweka, na fundi wake aliomba kode ya Wi-Fi «kwa kujaribu tu», na hakuna aliyeitoa baadaye.

Hapa lazima kusimama kidogo, juu ni fasi ambapo watu wanakimbilia kusema: tumemkamata. Orodha inasema kamera iko ndani. Haisemi imekula mega ngapi. Hakuna hata moja ya aplikasio hizi inayoweza kupima chombo kingine kinakula kiasi gani. Kamera inaweza kuwa ndani ya Wi-Fi siku nzima bila kutuma kitu inje, kama hakuna mtu anayeiangalia kutoka mbali. Kwa hiyo unahitaji kipimo.

Kipimo kiko ndani ya modemu. Unafungua navigateri ya telefone, unaandika adresi ya modemu:

```
http://192.168.8.1
```

Neno la siri la kuingia pale mara nyingi limeandikwa chini ya modemu ao ndani yake chini ya betri. Ukurasa unaofunguka uko na hesabu ya mega zilizopita tangu hesabu ilipofutwa mara ya mwisho. Pia uko na orodha ya vyombo vilivyoingia pamoja na MAC zao. Hii njo njia ya wale wasio na telefone ya zamani: unanakili mwanzo wa MAC na kuutafuta kwenye macvendors.com, utapata kiwanda.

Sasa washirika wanafanya jaribio. Saa sita mchana wanazima Wi-Fi kwenye telefone na ordinatere zote, wanatumia moja tu kusoma hesabu, kisha wanaiondoa nayo. Saa saba wanarudi kusoma. Ndani ya saa moja ya kutofanya kitu, hesabu imepanda mega 400. Siku ya pili wanamuomba mwenye parseli, wanachomoa kamera, wanarudia saa ile ile. Hesabu inapanda mega 6 tu. Sasa ni hakika, na hakuna haja ya kugombana.

Mega 400 kwa saa si kitu cha ajabu. Video inayotumwa kwa megabiti moja kila sekunde inafanya mega 450 kwa saa, juu megabiti 8 njo mega moja, na saa iko na sekunde 3600. Kama mwenye parseli anakaa Likasi na anafungua kamera kwenye telefone yake saa nne kwa siku, ni mega 1600 kila siku. Kwa siku 11 ni giga 17 na nusu kati ya zile giga 30. Zaidi ya nusu ya pesa ya washirika ilikwenda kuangalia lango.

Kisha unafanya nini?

Kwa watu waliobaki na kode ya zamani, dawa ni moja: kubadilisha neno la siri la Wi-Fi, kwenye ukurasa ule ule wa modemu. Vyombo vyote vinatoka, na unarudisha vyako kimoja kimoja. Badilisha pia neno la siri la kuingia kwenye ukurasa wa modemu, juu mtu aliye ndani ya Wi-Fi anaweza kufungua ukurasa huo sawa na wewe na kusoma kode mpya. Zima na kile kitufe cha WPS kama kipo.

Fahamu kwamba telefone nyingi siku hizi zinaonyesha kode ya QR ya Wi-Fi. Mtu mmoja uliyempa kode anaweza kuwapa kumi bila kuijua kode yenyewe. Kwa mteja anayetaka kutuma dokima moja, ni afadhali umtumie wewe kwa ordinatere yako. Kama modemu yako ina Wi-Fi ya wageni, tumia hiyo kwa wateja na uibadilishie kode kila juma.

Watu wengine wanapenda kufungia mlango chombo kimoja kwa MAC yake. Modemu nyingi zinaweza. Kwa kamera ao emprimante inafanya kazi vizuri, juu namba yao ya shasi haibadiliki. Kwa telefone ni kazi bure, juu mwenyewe anaweza kubadilisha ndani ya Paramètres kutoka adresi ya kujitungia kwenda ya kiwanda, na anaingia tena kama mtu mpya.

Kwa kamera, mazungumzo ni na mwenye parseli. Njia ziko tatu. Kamera ipate modemu yake na kadi yake. Ao apunguze ubora wa picha ndani ya aplikasio ya kamera, ambayo inaweza kupunguza mega mara mbili ao mara nne. Ao achange kwa forfe sawa na wengine, kwa hesabu iliyoandikwa. Ukiwa na karatasi ya majaribio mawili, saa na mega, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Fasi ambazo orodha inadanganya

Kuko hali tatu ambapo orodha itakupa picha isiyo kamili.

Ya kwanza: unaona vyombo viwili tu, telefone yako na modemu, na unajua wengine wako ndani. Maana yake modemu imewekwa isiruhusu vyombo kuonana. Wi-Fi ya wageni, ya hoteli na ya ofisi kubwa mara nyingi iko vile. Si aplikasio iliyoharibika. Kama modemu ni yako, soma orodha kwenye ukurasa wake.

Ya pili ni mbaya zaidi: mstari mmoja unaficha watu wengi. Mtu akichomeka ndani ya rezo yako kisanduku cha TP-Link kinachofungua Wi-Fi yake mwenyewe, kila aliye nyuma yake anaonekana kwako kama chombo kimoja. Telefone inayogawa koneksio nayo inaweza kufanya vile. Siku hizi, tangu ARPTC ilipoiruhusu Starlink mwaka 2025, watu wengi wanagawana koneksio moja kwa parseli kadhaa kwa visanduku kama hivyo. Ukiona jina la TP-Link, Tenda ao MikroTik ambalo halipo kwenye karatasi yako, uliza kwanza hilo, mbele ya telefone zisizo na jina.

Ya tatu: jina zuri si ushahidi. MAC inaweza kubadilishwa, na jina ambalo chombo kinajitangazia kinaweza kuandikwa lolote. Mtu anaweza kuita telefone yake «Imprimante». Kiwanda na jina vinakupa fasi ya kuanzia. Kuzima chombo na kuona namba inapotea njo kunathibitisha.

Wi-Fi yako, si ya wengine

Tumia aplikasio hizi kwenye rezo yako ao ile ambayo mwenyewe amekuruhusu. Kwenye inchi yetu kuko sheria ya dijitali, amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu kuingia kwenye mitambo ya mtu bila ruhusa. Kuhesabu vyombo vya nyumba yako hakuna shida. Kwenda kuhesabu ndani ya rezo ya kampuni ya mgodi unakofanya kazi, bila kuambiwa na wakubwa wa informatiki, kunaweza kukupotezea kazi, juu wao wako na vyombo vinavyoona mtu anayegonga milango yote kwa mfuatano. Na ukigundua kamera ao ordinatere ya jirani ndani ya Wi-Fi yako, kuwa kwake ndani ya rezo yako hakukupi ruhusa ya kuifungua.

Ukimaliza, chunga ile karatasi pamoja na modemu: jina la kila chombo, MAC yake, na mwenyewe. Siku forfe itakapoisha mapema tena, utatafuta mara moja tu, na utaangalia paka mstari ambao haupo kwenye karatasi.